Mshono Kabla ya Mkasi: Kugawa Unukuzi Mrefu Bila Kupoteza Neno

Chukua rekodi moja ya mkutano: saa 3, dakika 42 na sekunde 10. Mnukuzi mzoefu huhitaji kama saa nne za kazi kwa kila saa moja ya sauti safi, na huhitaji zaidi watu wakidakiana maneno, kwa hiyo hapa kuna siku mbili nzima za kuchapa kwa mtu mmoja. Kazi inagawiwa watu wanne, kila mmoja vipande viwili. Mratibu anatoa kikokotoo: sekunde 13,330 gawa kwa 8, jibu ni 1,666 na ushei. Anakata rekodi kila baada ya sekunde hizo, anasambaza vipande, jioni anapokea maandishi na kuyabandika moja chini ya jingine. Kazi imekwisha, anadhani.

Kwenye sekunde ya 1,666 mzungumzaji alikuwa anasema: "Wafanyakazi hawakulipwa kwa miezi miwili." Mkasi umepita katikati ya "hawakulipwa". Mnukuzi wa kipande cha kwanza amesikia "Wafanyakazi hawa" na ameandika hivyohivyo. Wa kipande cha pili ameanza na "kulipwa kwa miezi miwili". Zikiunganishwa, inasomeka "Wafanyakazi hawa kulipwa kwa miezi miwili". Mhariri anaona sentensi imepinda, anainyoosha kwa nia njema: "Wafanyakazi hawa walilipwa kwa miezi miwili." Kumbukumbu ya mkutano sasa inasema kinyume cha kilichosemwa, na kwenye ukurasa hakuna hata doa la kumshtua msomaji.

Kiswahili kina udhaifu wake hapa, na mnukuzi anapaswa kuujua. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo neno likikatwa kwenye mpaka wa silabi, masalia yake husikika kama neno zima. "Sikumwona" huacha "si" upande mmoja na "kumwona" upande wa pili. "Hatukubali" huacha "hatu", ambayo angalau inatia shaka, lakini upande wa pili inabaki "kubali", amri kamili kabisa. Na kwa kuwa ukanushi wetu hukaa mwanzoni mwa kitenzi, kinachopotea kwenye mkato mara nyingi ni ule ukanushi wenyewe. Lugha ambazo maneno yake huishia kwa konsonanti nyingi humwonya mnukuzi kwa sauti iliyovunjika. Sisi hatupati onyo hilo.

Sikio lililozoea lina kipimo kimoja. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Hawa" la kuonyesha watu lina mkazo kwenye "ha". "Hawa" lililong'olewa kutoka "hawakulipwa" halina mkazo popote, kwa sababu mkazo ulikuwa unakwenda kwenye "li". Ukisikia neno la mwisho la kipande limepita juujuu bila kutua mahali, lishuku. Ila ni kheri kupanga kazi ili shaka hiyo isizuke.

Mpaka ni maneno

Njia inayofanya kazi ni hii: kabla mtu yeyote hajagusa kibodi, mratibu achague kila mshono kwa kusikiliza, kisha auandike kwa maneno. Isiwe "wewe unaishia dakika ya 27". Iwe "wewe unaishia kwenye neno Jumatatu, na mwenzako anaanzia kwenye Ahsante mwenyekiti". Dakika huyumba kutoka programu moja hadi nyingine, ila maneno yaliyosemwa ni yaleyale kwa kila anayesikiliza. Mengine yote yaliyo hapa chini yanahudumia kanuni hiyo moja.

Anza na rekodi yenyewe. Ikiwa imekuja kama MP3, ibadilishe kwanza iwe WAV moja nzima na fanya kila kitu kutoka hapo. Sababu ni kwamba MP3 nyingi hurekodiwa kwa kasi ya biti inayobadilika, na baadhi ya programu hukisia mahali pa kurukia badala ya kuhesabu. Unaweza kufungua faili hilohilo kwenye programu mbili, ukaenda dakika ya 90, ukasikia maneno tofauti. Kwenye WAV, sekunde ni idadi maalumu ya baiti, hakuna cha kukisia. Chaneli moja na sampuli 16,000 kwa sekunde vinatosha kwa mazungumzo, na programu ya ffmpeg inafanya ubadilishaji huo kwa amri moja:

```
ffmpeg -i asili.mp3 -ac 1 -ar 16000 zima.wav
```

Kwa kipimo hicho kila sekunde inachukua baiti 32,000, kwa hiyo rekodi yetu inakuwa takriban megabaiti 427. Faili hili ndilo saa ya kazi nzima. Kila alama ya muda itakayoandikwa na yeyote, katika kipande chochote, itasoma saa ya faili hili. Lisihaririwe, lisipunguzwe ukimya wa mwanzo, lisipunguzwe hata sekunde moja baada ya kazi kuanza.

Kisha tafuta kimya. Amri hii inaorodhesha kila mahali sauti ilipokuwa chini ya desibeli 35 hasi kwa angalau sekunde 0.7:

```
ffmpeg -i zima.wav -af silencedetect=noise=-35dB:d=0.7 -f null - 2>&1 | grep silence
```

Chumba chenye feni au chenye wasikilizaji wanaonong'ona hakitatoa chochote kwa -35. Panda hadi -30, au hata -25, mpaka orodha ianze kutoka. Orodha ikija ndefu kupita kiasi, ongeza muda uwe sekunde 1. Huhitaji kila pumzi ya mkutano. Unachohitaji ni chaguo tatu au nne karibu na kila mpaka unaoutamani.

Mpaka wa kwanza tunaoutamani uko kwenye 1,666. Orodha karibu na hapo inasema:

```
silence_start: 1651.38
silence_end: 1652.91 | silence_duration: 1.53
silence_start: 1667.02
silence_end: 1667.86 | silence_duration: 0.84
silence_start: 1689.75
silence_end: 1691.2 | silence_duration: 1.45
```

Hapa ndipo wengi huteleza. Kimya cha 1,667 kiko umbali wa sekunde moja tu kutoka kwenye lengo, na kukata ndani ya kimya hakuwezi kuvunja neno. Kinachobaki ni kusikiliza. Sekunde ile ni pale mzungumzaji alipovuta pumzi baada ya "hawakulipwa", kisha akaendelea "kwa miezi miwili". Ukikata hapo, kipande cha kwanza kinaishia na "Wafanyakazi hawakulipwa", sentensi safi yenye nukta yake, ambayo haisemi alichosema yule mtu. Kutolipwa kwa miezi miwili ni jambo moja, kutolipwa kabisa ni jingine. Kimya kinalinda neno, hakilindi sentensi.

Kile cha 1,689 kinaonekana kizuri kwa urefu, lakini ukikisikiliza unakuta mzungumzaji anasoma orodha kutoka kwenye karatasi na amenyamaza kugeuza ukurasa. Sentensi bado iko hewani. Kinachobaki ni cha 1,651: mwenyekiti amemaliza, amenyamaza sekunde moja na nusu, na mtu mwingine akaanza kusema. Huo ndio mshono. Mabadiliko ya mzungumzaji ni mpaka bora kuliko wote, kwa sababu hakuna atakayebishana sentensi ni ya nani. Kipande cha kwanza kimekuwa kifupi kwa sekunde 14 kuliko hesabu ilivyotaka, na hilo halimdhuru mtu. Vipande visivyolingana kwa dakika mbili au tatu ni afadhali kuliko mshono mbaya mmoja.

Mahali ambapo mtu mmoja anaongea dakika kumi bila kupumzika, tafuta pale sauti inaposhuka kabisa na wazo jipya linapoanza. Usitegemee maneno kama "halafu", "sasa" au "kwa hiyo", kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida hayo ni gundi tu, hayaashirii mwanzo wa sentensi. Ukikuta watu wanacheka au wanaongea pamoja, sogea mbele au rudi nyuma. Mshono haupitishwi kwenye vurugu.

Andika mshono kama sekunde kamili iliyo ndani ya kimya. Kwetu ni 1,652, yaani 00:27:32. Usiandike 1,651.97 ukidhani unakuwa makini zaidi, kwani desimali hizo zitakusumbua utakapokokotoa alama za muda. Halafu ujaze jedwali lenye safu moja kwa kila kipande: namba, alama, maneno ya mwisho kabla ya alama, na maneno ya kwanza baada yake.

```
01 | 00:00:00 | -                               | Jamani tukae, tuanze
02 | 00:27:32 | ...tukaahirisha hadi Jumatatu.  | Ahsante mwenyekiti. Mimi nina
03 | 00:55:41 | ...hilo limeeleweka?            | Limeeleweka, ila kuna kitu
```

Vipande 8 vina mishono 7. Kuichagua yote kwa kusikiliza huchukua chini ya nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo inayookoa jioni nzima ya kubishana juu ya mistari iliyojirudia.

Kichwa na mkia

Mnukuzi hapewi kipande kinachoanza na kuishia kwenye alama kamili. Anapewa na ziada: sekunde 10 kabla ya alama yake ya kuanzia, tuziite kichwa, na sekunde 20 baada ya alama ya kuishia, tuziite mkia. Kichwa kinamsaidia kuzoea sauti na kusikia maneno ya mwisho ya mwenzake kwa masikio yake. Mkia unamhakikishia kwamba sentensi yake ya mwisho imekwisha kweli.

Kipande cha pili kinaanza 1,652 na kuishia 3,341. Ukiongeza kichwa na mkia, sauti inatoka 1,642 hadi 3,361, yaani sekunde 1,719:

```
ffmpeg -ss 1642 -t 1719 -i zima.wav sehemu02.wav
```

Ziada hii ndiyo inayozaa mistari iliyojirudia ikiachwa bila sheria, maana wanukuzi wawili wanaisikia na kila mmoja ana bidii. Sheria ni moja tu: sentensi ni ya kipande ilimoanzia. Ukianza kuisikia kabla ya alama yako ya kuishia, ni yako hata kama inaishia ndani ya mkia, na unaiandika mpaka mwisho wake. Ikianza baada ya alama, si yako, hata kama unaisikia vizuri na vidole vinawasha. Mshono ukichaguliwa vyema swali hili halitokei kabisa, lakini sheria iwepo kwa ajili ya ule mshono mmoja kati ya saba ambao mratibu alikosea.

Kichwa hakinukuliwi kama maandishi ya kazi. Mnukuzi anaandika kutoka humo jambo moja tu: maneno matano hadi saba ya mwisho kabla ya mahali pake pa kuanzia, kwenye mstari wa kwanza, ndani ya alama ambazo hazitatumika kwingine. Tuuite mstari huo kiungo.

```
<<tukikubaliana hivyo tukaahirisha hadi Jumatatu>>
[00:27:33] MZ3: Ahsante mwenyekiti. Mimi nina maswali mawili.
```

Asiinakili kutoka kwenye jedwali la mratibu. Aiandike kutokana na anachosikia. Kama kiungo chake hakifanani na maneno ya mwisho ya kipande kilichotangulia, kuna mtu amesikia vibaya, au amepewa faili lisilo lake, na umelijua hilo kabla maandishi hayajaunganishwa. Kiungo kilichonakiliwa hufanana siku zote, kwa hiyo hakimwambii mtu chochote.

Hesabu ya muda inahitaji uangalifu wa dakika moja. Programu ya mnukuzi inamwonyesha saa ya kipande chake, inayoanzia sifuri. Saa ya rekodi nzima ni ile ya kipande jumlisha sekunde ambapo faili linaanzia, yaani alama toa 10. Kwenye kipande cha pili unajumlisha 1,642. Ukisikia jambo kwenye 04:10 ya kipande, ni sekunde 250, na 250 jumlisha 1,642 ni 1,892, yaani 00:31:32. Kosa la kawaida ni kujumlisha 1,652 kwa kusahau kichwa, na alama zote za kipande hicho zinachelewa kwa sekunde 10 kamili. Kosa hili lina sura yake: pale mwanzoni, maneno yaliyosemwa 00:27:33 yameandikwa 00:27:43. Ukiona sekunde 10 zimezidi kwa usawa kutoka juu hadi chini, hakuna aliyesikia vibaya. Toa 10 kila mahali, yamekwisha.

Kuna wasiokata sauti kabisa: humpa kila mtu faili zima na kumwambia asikilize kutoka alama hii hadi ile. Naona ni njia nzuri kuliko sifa zake, kwa sababu hesabu yote ya muda inatoweka. Tatizo ni uzito wa faili, na hilo lina dawa, kwani rekodi ileile kwa Opus ya kilobiti 24 kwa sekunde hushuka hadi kama megabaiti 40 na mazungumzo bado yanasikika vizuri. Kinachoikataza kwa kweli ni usiri. Si kila anayenukuu saa moja ya mkutano anaruhusiwa kuusikia wote. Hata ukitumia njia hii, jedwali la mishono na viungo vinabaki vilevile.

Mapumziko ndani ya kipande

Mshono si kati ya watu tu. Kila mnukuzi anaposimama kunywa maji, anatengeneza mshono mdogo ndani ya kazi yake, na huo hauna mratibu wa kuuangalia. Programu nyingi za unukuzi hurudi nyuma sekunde mbili au tatu kila unapobonyeza kuendelea, na hilo ni jema unapofanya kazi mfululizo. Baada ya mapumziko marefu linageuka mtego: sauti inasema sentensi uliyokwisha kuandika, vidole vinaitika, na sentensi inaingia mara ya pili.

Simama mwishoni mwa sentensi, kamwe si katikati, na uandike alama ya kusimamia yenye muda, kwa mfano `@@ 00:41:07`. Ukirudi, rudisha sauti sekunde kumi nyuma na mikono ikae mapajani. Soma kwa macho mistari yako ya mwisho huku sauti ikisema maneno hayohayo. Anza kuchapa sauti inapoipita `@@`, kisha uifute. Sekunde kumi za kukaa bila kuchapa zinaonekana uvivu, lakini ndizo zinazokuonyesha kama ulichoandika kabla ya chai kinafanana na kilichosemwa.

Kinyume cha kurudia ni kuruka, na kuruka ni hatari zaidi kwa sababu hakuachi kitu cha kuona. Hutokea mzungumzaji anapokuwa na kibwagizo. Tuseme katika dakika sita amesema mara tatu "na hilo nalo likabaki hivyohivyo", kila mara akifunga hoja nyingine. Mnukuzi alisimama baada ya kibwagizo cha kwanza. Akirudi, anasogeza sauti kwa kubahatisha, anasikia kibwagizo, anaona mstari wake wa mwisho unafanana, anaendelea. Kumbe alichosikia ni cha pili, na hoja nzima iliyokuwa katikati imetoweka. Maneno hayawezi kumwokoa hapa, kwa kuwa ni yaleyale. Muda unaweza. Ndiyo maana `@@` bila muda haitoshi, na ndiyo maana inafaa kuweka alama ya muda kwenye kila zamu ya mzungumzaji, na walau mara moja kwa dakika mtu mmoja anapoongea mfululizo.

Kuunganisha

Majina ya faili yawe na sifuri mbele: sehemu01, sehemu02, na kuendelea. Bila hiyo, siku utakapokuwa na vipande kumi, kompyuta itakipanga cha 10 kabla ya cha 2, na mkutano utakuwa umerukaruka. Linganisha kila kiungo na mwisho wa kipande kilichotangulia, futa viungo, kisha unganisha:

```
cat sehemu*.txt > zima.txt
```

Mambo mawili yasiyoonekana huharibu hatua hii. La kwanza ni faili ambalo mstari wake wa mwisho hauna mwisho wa mstari, yaani mnukuzi hakubonyeza ingiza. Kipande kinachofuata kinajibandika kwenye mstari huohuo, na zamu ya mzungumzaji mpya inamezwa na ya mwenzake. La pili ni baiti tatu, ziitwazo BOM, ambazo baadhi ya programu huweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. Hazionekani kwa macho, lakini mstari hauanzi tena na mabano, na ukaguzi unaofuata utaupita bila kuuona. Hifadhi kama UTF-8 isiyo na BOM, na uache mstari mmoja mtupu mwishoni mwa kila faili.

Sasa acha alama za muda zijikague zenyewe. Hii inaonyesha kila mstari ambao muda wake umerudi nyuma, na kila pengo linalozidi sekunde 90:

```
awk '/^\[/ { t = substr($0,2,2)*3600 + substr($0,5,2)*60 + substr($0,8,2)
  if (t < k) print NR ": inarudi " $0
  if (t - k > 90) print NR ": pengo " $0
  k = t }' zima.txt
```

Muda uliorudi nyuma karibu na mshono maana yake wanukuzi wawili wameandika kitu kimoja, mmoja kwenye mkia na mwingine mahali pake. Muda uliorudi nyuma katikati ya kipande ni mapumziko yaliyorudiwa. Pengo ni ama kimya cha kweli, ama mtu aliyesahau kuweka alama, ama kile kibwagizo. Sikiliza sekunde hizo 90 ujue ni lipi.

Watu wengine hutafuta mistari inayofanana neno kwa neno na kuifuta yote isipokuwa mmoja. Usifanye hivyo kwenye unukuzi. Watu hujirudia wanapoongea. Mtu aliyesema "hapana, hapana, sikukubali" mara mbili katika nusu dakika amesema mara mbili, na kurudia kwake ni sehemu ya ushahidi. Kinachotofautisha marudio ya mzungumzaji na marudio ya mnukuzi ni saa: maneno yaleyale kwenye muda tofauti ni ya mzungumzaji, maneno yaleyale kwenye muda mmoja, au uliopishana kwa sekunde moja au mbili, ni yetu.

Linganisha pia kibainishi, ile alama ya ng'. Mnukuzi mmoja anaandika ng'ombe kwa kibainishi kilichonyooka, mwingine programu yake inakigeuza kuwa kilichopinda bila kumuuliza. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na atakayetafuta "kung'ang'ania" kwenye saa nne za maandishi atapata nusu ya majibu na kuamini ndiyo yote. Geuza vyote viwe vilivyonyooka baada ya kuunganisha, mara moja, kwa faili zima.

Majina ya wazungumzaji yanataka jicho hilohilo. MZ3 wa kipande cha pili si lazima awe MZ3 wa kipande cha tano kama kila mtu alijipangia namba. Mratibu atoe namba pamoja na jedwali, na sekunde kumi za sauti ya kila mmoja wakati anajitambulisha.

Kisha sikiliza mishono. Si rekodi yote, mishono tu: sekunde 15 kabla ya kila alama na 15 baada yake, macho yakiwa kwenye maandishi. Mishono 7 kwa nusu dakika ni dakika tatu na nusu. Ukiwa hapo, fuata neno la mwisho kabla ya alama na la kwanza baada yake kwa sauti, silabi kwa silabi, na hasa vitenzi vinavyoanza na ha-, si-, hatu-, hawa-. Hapo ndipo "hawakulipwa" hujificha.

Maandishi yakigawanywa upya

Mara nyingine unukuzi uliokamilika ni mrefu kuliko unavyoruhusiwa kutumwa kwa mara moja, na unalazimika kuukata tena, safari hii maandishi. Kukata kwa idadi ya baiti peke yake kunarudisha balaa lilelile la mwanzo, kwani `split -b` haijali neno wala herufi. Kibainishi kilichopinda huchukua baiti tatu, na mkato ukipita kati yake unapata alama za ajabu mwishoni mwa sehemu moja na mwanzoni mwa nyingine. Tumia inayoheshimu mistari:

```
split -C 20000 -d zima.txt sehemu_
```

Hii inajaza kila sehemu mistari mizima mpaka ikaribie baiti 20,000, kisha inaanza nyingine. Ina mpaka wake: mstari mmoja ukizidi baiti hizo, utakatwa tu. Ikiwa kila zamu ya mzungumzaji iko kwenye mstari wake, ni nadra kufikia hapo, isipokuwa kwa yule aliyeshika kipaza sauti nusu saa. Huyo mvunjie aya kwa mkono kwanza, pale sauti yake ilipotua, na kila aya mpya uipe alama yake ya muda. Juu ya kila sehemu andika namba yake na jumla, kwa mfano "3 kati ya 9", pamoja na alama ya muda ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Anayepokea sehemu ya 4 inayoanza 01:38:20 wakati ya 3 iliishia 01:31:05 atakuandikia mwenyewe kuuliza zile dakika saba ziko wapi.